Kamera Inapoingia Kifuani

Nitapumuaje? Swali hilo humwingia mgonjwa akilini mara tu daktari anapomwambia kwamba kamera itapitishwa puani ishuke mpaka kwenye mapafu. Wengi hawalitamki. Wanatia sahihi fomu ya ridhaa, wanakwenda nyumbani, halafu usiku hawalali. Lina jibu la hesabu, na lingefaa kutolewa kabla ya mgonjwa kuinuka kwenye kiti.

Bomba kuu la hewa la watu wazima wengi lina upana wa milimita 15 hadi 20. Mpira wa kamera unaotumika kwa watu wazima, ambao ni mwembamba kuliko penseli, una unene wa milimita 5 hadi 6. Tukichukua bomba la milimita 16 na mpira wa milimita 5 na nusu, mpira unakalia kama asilimia 12 tu ya nafasi iliyomo. Hewa inapita pembeni yake pande zote, na juu ya hapo mgonjwa huwekewa oksijeni puani muda wote. Hisia ya kukabwa huja kweli, tena kwa wagonjwa wengi, lakini inatokana na ganzi ya kooni na kikohozi. Njia ya hewa yenyewe haijazibwa.

Kipimo hiki huitwa bronkoskopi, ingawa wagonjwa na hata wauguzi wengi husema tu kamera ya mapafu. Si kigeni duniani. Mwaka 1897, mjini Freiburg nchini Ujerumani, daktari wa koo Gustav Killian alimpitishia mkulima mmoja bomba gumu la chuma kupitia mdomoni, akiwa amemtia ganzi ya kokeini, akamtoa kipande cha mfupa wa nguruwe kilichokuwa kimenasa kwenye mrija wa pafu la kulia. Kwa karibu miaka 70 baada ya hapo bomba la chuma ndilo lililotumika. Katika miaka ya 1960 Mjapani Shigeto Ikeda akaleta mpira unaojipinda, wenye nyuzi za kioo za kupitisha mwanga, na kipimo kikawa rahisi zaidi kwa mgonjwa aliye macho.

Bomba la chuma halijastaafu. Mtoto aliyevuta punje ya karanga ikaingia kwenye njia ya hewa bado hutolewa kwa bomba hilo, akiwa amelazwa kwa nusu kaputi. Madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walipochapisha uzoefu wao mwaka 2011, karanga ndizo zilizoongoza miongoni mwa vitu walivyovitoa kwenye njia za hewa. Lakini mtu mzima anayetumwa kipimo kwa sababu ya kikohozi au kivuli kwenye eksirei mara nyingi atakutana na mpira laini, na huo ndio tutakaoufuata hapa.

Tumchukue mama wa mfano. Hayupo mtu huyu mmoja, ila madaktari wa kifua wa ukanda wetu wamekutana na wengi wanaofanana naye. Ana miaka 58 na kilo 60, anauza vitenge, hajawahi kuvuta sigara. Alianza kukohoa, akapungua mwili, eksirei ikaonyesha kivuli juu ya pafu la kulia. Makohozi yalipimwa kwa darubini na kwa kipimo cha vinasaba cha jinekspati, yote hayakuonyesha vimelea vya kifua kikuu. Hata hivyo alianzishiwa dozi ya TB, kwa kuwa katika nchi zenye TB nyingi kivuli cha namna ile humfanya daktari afikirie TB kwanza. Miezi miwili ikapita bila nafuu. Siku moja akaona michirizi ya damu kwenye makohozi. Alipofanyiwa sitiskani, picha ilionyesha uvimbe karibu na mlango wa sehemu ya juu ya pafu la kulia.

Hapo ndipo kamera inapokuwa na kazi ya kweli. Picha ya sitiskani inasema kuna kitu, kiko wapi na kina ukubwa gani. Haiwezi kusema ni kansa, ni TB, ni fangasi au ni kovu. Ili lijulikane hilo, lazima kipande kitoke kifuani kifike maabara. Na kuendelea kumeza dawa za TB kwa miezi sita kwa kivuli ambacho hakuna aliyekithibitisha, huku mgonjwa anazidi kukonda, ni kumpotezea muda ambao kansa haimngojei.

Maandalizi ya mama huyu yanaanza wiki moja kabla, kwa swali ambalo wagonjwa hulijibu haraka mno: unatumia dawa gani? Akasema za presha. Binti yake aliyemsindikiza akaongeza, "Mama, na ile uliyopewa ulipopata kiharusi?" Ile ni klopidogreli, inayozuia damu isigande. Mtu anayeitumia akikatwa kinyama kwenye pafu anaweza kutoka damu isiyokatika upesi. Daktari alizungumza na mwenzake anayemtibu kiharusi, wakakubaliana aiache siku 7 kabla ya kipimo na katika siku hizo atumie aspirini ya kiwango kidogo, ambayo kwa kawaida haizuii kipimo kufanyika. Anayetumia warfarini huiacha takribani siku 5, kisha hupimwa damu kuhakikisha uwezo wa kuganda umerudi. Uamuzi wa kuacha dawa hizi ni wa daktari. Mgonjwa mwenye moyo au kiharusi akijiachia mwenyewe anaweza kuondoa hatari ndogo akaita kubwa zaidi. Kazi yake ni moja: aje na pakiti zote za dawa ndani ya mfuko, hata zile anazodhani hazihusiki.

Katika kikao hichohicho daktari huuliza kuhusu pumu, kisukari, mzio wa dawa, na kama mgonjwa amepata shambulio la moyo karibuni. Aliyepata shambulio la moyo kwa kawaida husogezewa kipimo mbele kwa wiki 4 hadi 6, isipokuwa kama kuna dharura. Mwenye pumu hutulizwa kwanza, na siku yenyewe hupewa dawa ya kupanua mirija kabla ya kuanza. Mwenye kisukari anahitaji maelekezo yake binafsi kuhusu insulini au vidonge, kwa sababu atakuwa hajala.

Kutokula nako kunahitaji kuelezwa kwa saa. Mama amepangiwa saa tatu asubuhi. Chakula cha mwisho kiwe kimemalizika kabla ya saa tisa usiku, yaani saa 6 kabla, na maji meupe mwisho saa moja asubuhi. Kwa watu wengi hiyo ina maana ya kula jioni, kulala, na kuamka bila kutia kitu mdomoni isipokuwa maji kidogo. Chai ya maziwa ni chakula. Uji ni chakula. Kuna hospitali zinazotaka mgonjwa asinywe hata maji tangu usiku, na zikisema hivyo zifuatwe. Sababu ni kwamba koo likishatiwa ganzi halina tena ulinzi wake: mgonjwa akitapika, kilichotoka tumboni kinaweza kuteremka mapafuni na kuleta nimonia mbaya. Dawa ya presha ya asubuhi mama aliruhusiwa kuimeza kwa funda moja la maji.

Yapo pia mambo madogo ambayo hakuna anayeyakumbuka mpaka siku ifike. Meno ya bandia yatolewe. Rangi ya kucha ifutwe, na mwenye piko nyeusi vidoleni amwambie muuguzi, kwa kuwa kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni husoma kwa mwanga na rangi nzito huweza kukivuruga. Na aje na mtu wa kumrudisha nyumbani. Atakayepewa dawa ya kusinziisha hataendesha gari kwa saa 24, hatasaini karatasi ya mkopo wala ya kiwanja siku hiyo, na asipande bodaboda peke yake.

Chumbani, kinachowasumbua wengi zaidi ni ganzi, kabla hata ya kamera. Dawa ni lignokeini. Muuguzi hupuliza kooni, mara nyingine hupaka jeli puani. Ni chungu mdomoni. Baada ya dakika mbili tatu koo linakuwa zito, ulimi mnene, na mgonjwa anajaribu kumeza mate na kuona kama hayapiti. Hofu hupanda hapo. Anayejua mapema kwamba hali hiyo ndiyo dalili kuwa ganzi imekolea huivuka vizuri zaidi kuliko anayekutana nayo bila taarifa. Mate anaweza kuyaacha yatoke tu, mrija wa kufyonza upo.

Kisha hupewa kwenye mshipa dawa ya kumtuliza, mara nyingi midazolamu. Kwa aliye chini ya miaka 70 huanzwa na kama miligramu 2 na nusu na kuongezwa polepole, kwa kawaida isizidi 5. Wazee hupewa pungufu. Si nusu kaputi. Mtu husinzia lakini huitika akiitwa, na wengi baadaye hawakumbuki sehemu kubwa ya kilichotokea. Wapo wanaofanyiwa kwa ganzi peke yake, na kipimo kinafanyika. Mgonjwa mwenye hofu nyingi ana haki ya kuuliza mapema kama dawa hii ipo na kama chumba kina mtu wa kuangalia pumzi yake wakati daktari ameinamia kamera. Swali hilo la pili ni zito kuliko la kwanza.

Mama alilazwa chali, kichwa juu kidogo, kipimo cha oksijeni kidoleni, mkanda wa presha mkononi. Aliambiwa asijaribu kuongea, maana mpira unapita katikati ya nyuzi za sauti. Akitaka kusema jambo, ainue mkono. Kamera ikaingia kupitia pua ya kulia. Ilipofika kwenye nyuzi za sauti daktari alisimama, akamwaga ganzi kupitia tundu lililomo ndani ya mpira wenyewe, akangoja kidogo, kisha akapita wakati mama anavuta pumzi. Alikohoa kwa nguvu. Kipande hicho cha safari, cha sekunde chache, ndicho kigumu kuliko vyote. Ganzi ikaongezwa kwenye bomba kuu, na kikohozi kikapungua.

Ganzi nayo ina mipaka yake. Lignokeini inayomwagwa kwenye njia za hewa huingia kwenye damu, na ikizidi huleta kizunguzungu, ganzi kuzunguka midomo, mlio masikioni, na ikizidi sana degedege na moyo kwenda ovyo. Miongozo mingi huweka ukomo wa miligramu 7 au 8 kwa kila kilo ya uzito. Kwa mama wa kilo 60, ukomo wa chini ni miligramu 420. Alipulizwa kooni mara 12, kila mara miligramu 10, jumla 120. Kupitia kamera alimwagiwa mililita 2 za dawa ya asilimia 2 katika sehemu tano, kila sehemu ikiwa miligramu 40, jumla 200. Zote pamoja ni 320, na muuguzi alikuwa akiziandika moja moja. Ndiyo maana mgonjwa hupimwa uzito asubuhi ile.

Kwenye skrini, ndani ya mapafu kuna rangi ya waridi iliyoiva, yenye mng'ao wa unyevu, na pete za gegedu zikiwa zimejipanga kama mistari. Daktari huanza na nyuzi za sauti, kama zote mbili zinatembea. Upande mmoja ukiwa umeganda, huenda uvimbe wa kifuani umeubana mshipa wa fahamu unaoziendesha. Huteremka mpaka pale bomba linapogawanyika kwenda kulia na kushoto. Ukingo wa mgawanyiko huo huwa mkali. Ukionekana mnene, umejaa, kuna tezi zilizovimba chini yake. Pafu lisilo na tatizo hukaguliwa kwanza, ili damu au usaha wa upande mgonjwa usije ukachafua picha.

Upande wa kulia, kwenye mlango wa sehemu ya juu, ukaonekana uvimbe. Ulikuwa na uso usio sawa, mweupe kidogo, na uliguswa tu ukavuja damu. Daktari akaingiza kupitia tundu la mpira koleo ndogo ya waya na kung'oa vinyama vyenye ukubwa wa kichwa cha kiberiti. Je, inauma? Ngozi ya ndani ya mirija hii haihisi mkato kama ngozi ya mkono. Mgonjwa anaweza kuhisi mvuto au kutaka kukohoa. Baada ya koleo ikaja brashi ndogo ya kukwangua seli. Mwisho maji ya chumvi yalimwagwa na kufyonzwa tena, yakapelekwa kupimwa TB na fangasi, kwa kuwa mtu anaweza kuwa na ugonjwa zaidi ya mmoja. Kamera ilikaa ndani kama dakika 25.

Uvimbe ukionekana wazi kama huu na vikachukuliwa vinyama vya kutosha, angalau vitano, jibu hupatikana kwa zaidi ya asilimia 85 ya wagonjwa. Mambo hubadilika kivuli kikiwa pembezoni mwa pafu. Mirija ya huko ni myembamba, kamera haipiti, daktari hupeleka koleo bila kukiona anachokiendea, pengine kwa msaada wa eksirei. Kwa uvimbe wa pembezoni ulio chini ya sentimita 2, kamera ya kawaida hupata jibu kwa takribani mgonjwa mmoja kati ya watatu. Kwa hiyo karatasi iliyoandikwa "hakuna seli za kansa" haina uzito uleule kwa kila mtu. Mwenye kivuli cha pembezoni akipewa jibu hilo, anatakiwa kuuliza kama uvimbe wenyewe ulionekana na kama kinyama kilitoka mahali penyewe. Kama sivyo, bado ipo njia ya sindano kupitia ukutani mwa kifua kwa kuongozwa na sitiskani, au sitiskani ya kurudia baada ya muda.

Vifo vinavyotokana na kipimo hiki ni vichache sana, chini ya mmoja kwa kila wagonjwa elfu moja katika takwimu kubwa zilizochapishwa, na waliofariki wengi walikuwa tayari na ugonjwa mzito wa moyo au mapafu. Kinachotokea mara nyingi ni oksijeni kushuka kwa muda. Kipimo cha kidoleni hulia, oksijeni huongezwa, na isipopanda daktari hutoa kamera.

Damu ndiyo inayowatia watu hofu zaidi. Kuvuja kidogo baada ya kukatwa kinyama ni kawaida, na wakati wa kipimo daktari humwaga maji ya chumvi baridi sana au adrenalini iliyopunguzwa makali ili kubana mishipa. Damu nyingi ni nadra. Ikitokea, mgonjwa hugeuzwa haraka alalie upande unaovuja. Anayetazama atadhani angelalia upande mzima, lakini kinachoua hapo ni damu kujaa kwenye pafu lililo salama na kumkosesha hewa, kuliko kupungua kwa damu mwilini. Ukilala chini upande mbovu, damu inabaki hukohuko.

Hatari nyingine ni hewa kuvuja kutoka ndani ya pafu na kulisukuma lisinyae. Hutokea hasa koleo inapochukua kinyama ndani kabisa ya pafu, kwa wagonjwa 1 hadi 6 kati ya 100 wa aina hiyo. Baadhi yao huhitaji mpira wa kutolea hewa ubavuni, wengine hupona kwa kuangaliwa tu. Mama kinyama chake kilitoka kwenye mrija mkubwa, hivyo kwake hatari hii ilikuwa ndogo sana. Ni vizuri mgonjwa aulize kinyama kitatoka wapi, maana jibu linabadilisha kiasi cha hatari anayoisaini.

Baada ya kipimo mama alikaa saa mbili bila kula wala kunywa, mpaka ganzi ilipoisha. Alijaribu funda la maji ya kawaida kwanza, hakupaliwa, ndipo akapewa chai. Chai ya moto kabla ya hapo ingemuunguza koo bila yeye kujua. Usiku alipata homa na baridi. Hutokea, hasa kwa waliooshwa mapafu kwa maji ya chumvi, na kwa kawaida huisha ndani ya saa 24. Sauti ilikuwa na mkwaruzo na makohozi yalikuwa na michirizi ya damu kwa siku mbili. Alikuwa ameambiwa arudi hospitali mara moja akipata maumivu ya ghafla ya kifua pamoja na kubanwa pumzi, akitema damu ya kujaa kijiko au inayozidi badala ya kupungua, au homa ikivuka siku moja. Binti yake aliandika hayo kwenye simu, kwa sababu mama aliyetoka kwenye midazolamu hakukumbuka hata neno moja la aliyoambiwa.

Jibu la vinyama lilitoka baada ya wiki moja na nusu: kansa ya pafu, ya aina inayoanzia kwenye seli za tezi, ambayo ndiyo inayowapata zaidi wasiovuta sigara. Maji yaliyofyonzwa hayakuwa na TB kwenye jinekspati, ingawa yale yaliyooteshwa maabara yalihitaji kungojewa hadi wiki 6. Dawa za TB zikasimamishwa. Hatua iliyofuata ilikuwa kujua kansa imefika wapi, na kupeleka sehemu ya vinyama hivyohivyo kupimwa mabadiliko ya kinasaba kiitwacho EGFR, kwa sababu wenye mabadiliko hayo wanaweza kutibiwa kwa vidonge vinavyolenga kansa hiyo. Kipimo hicho kinahitaji nyama ya kutosha kubaki baada ya mtaalamu wa maabara kumaliza kuitazama kwa darubini. Kwa mama huyu ilibaki, kwa kuwa siku ile, baada ya kinyama cha tano, daktari aliona damu imetulia akaingiza koleo tena mara mbili.